Afisa wa Korogwe na mkopo wa Lushoto

Tuchukue SACCOS yenye matawi matatu, Tanga mjini, Korogwe na Lushoto, inayotumia mfumo mmoja uliojengwa kwa Django. Afisa mikopo wa Korogwe anaingia kwa nenosiri lake, anafungua mkopo wa mwanachama wake, na juu ya kivinjari anwani inasomeka `/admin/mikopo/mkopo/418/change/`. Kwenye orodha yake hauonekani mkopo hata mmoja wa Lushoto. Siku ya makabidhiano meneja mkuu alionyeshwa orodha hiyo hiyo, akaridhika, akasaini. Sasa afisa wetu anafuta 418, anaandika 419, anabonyeza Enter. Mkopo wa mama mmoja wa Lushoto unafunguka mzima: kiasi alichokopa, wadhamini wake, namba yake ya simu, na kitufe cha kuhifadhi mabadiliko kinamsubiri.

Hapo hakuna aliyedukua kitu. Fundi aliificha mikopo ya Lushoto kwenye ukurasa wa orodha, lakini mlango wa kuifikia aliuacha wazi. Kosa la aina hii limeenea mno. OWASP, taasisi inayofuatilia usalama wa programu za mtandaoni, ilipotoa orodha yake ya hatari kumi mwaka 2021, udhibiti mbovu wa nani aone nini ulipanda kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza.

Tatizo huanzia mezani, kabla hata kompyuta haijawashwa, pale uongozi unapomwambia fundi, "Kila mtu aone vyake." Ndani ya agizo hilo mna maswali mawili. La kwanza ni la wadhifa: mtu huyu anaruhusiwa kufanya nini? Keshia anapokea marejesho, afisa mikopo anaandika maombi, meneja wa tawi anaidhinisha, mkaguzi wa ndani anatazama tu. La pili ni la tawi: anaruhusiwa kuyafanya hayo kwa kumbukumbu zipi?

Swali la kwanza Django inalijibu yenyewe. Kila jedwali lina ruhusa nne, yaani kuona, kuongeza, kubadilisha na kufuta, na unaziweka ndani ya kundi lenye jina la wadhifa. Lakini ruhusa hizo ni za jedwali zima. Ukimpa mtu ruhusa ya kuona mikopo, umempa mikopo yote ya Tanga, Korogwe na Lushoto. Baadhi ya mafundi hujaribu kujinasua kwa kuunda kundi kwa kila tawi: "Keshia Korogwe", "Keshia Lushoto", na kuendelea. Nyadhifa nne kwa matawi matatu ni makundi 12, na tawi la Muheza likifunguliwa yanakuwa 16, yote yakihitaji kurekebishwa kila sera inapobadilika. Pamoja na jasho lote hilo, hakuna kumbukumbu hata moja iliyochujwa.

Kuchuja kunatakiwa kufanyika pale kumbukumbu zinapochotwa kutoka kwenye hifadhidata, kabla hazijafika kwenye ukurasa wowote. Katika paneli ya Django mahali hapo pana jina:

```python
def get_queryset(self, request):
    qs = super().get_queryset(request)
    if request.user.has_perm("mikopo.ona_matawi_yote"):
        return qs
    return qs.filter(tawi=request.user.wasifu.tawi)
```

Paneli huchota kupitia hapa inapojenga orodha, inapofungua kumbukumbu moja, na inapotaka kufuta. Afisa wa Korogwe akiandika tena 419, atarudishwa kwenye ukurasa wa mwanzo na kuambiwa kumbukumbu hiyo haipo. Jibu hilo ni zuri kuliko kumwambia "huna ruhusa", maana hata kujua kwamba mkopo fulani upo ni taarifa. Na ile ruhusa ya `ona_matawi_yote` imesimama peke yake, nje ya wadhifa wowote. Mkaguzi wa ndani anapewa hiyo pamoja na ruhusa ya kuona tu: anatazama matawi yote, hagusi hata senti.

Wengi huishia hapo, nami nadhani ndipo kazi inapoanza kuwa ngumu. Fungua fomu ya mkopo mpya ukiwa Korogwe, kisha bonyeza kisanduku cha kuchagua mdhamini. Kama fundi hakukishughulikia, orodha inashuka na majina ya wanachama wa matawi yote, kwa sababu kisanduku hicho hakipiti kwenye kichujio tulichoandika. Kina kichujio chake, `formfield_for_foreignkey`, nacho lazima kiandikwe. Kitufe cha kupakua ripoti ya Excel, ambacho fundi alikiongeza kwa mkono baada ya mhasibu kulalamika, nacho huwa kinachota mikopo yote moja kwa moja. Hata jumla ya mikopo chechefu inayoonyeshwa kwenye ukurasa wa mwanzo huvujisha: meneja wa Korogwe akijua jumla ya SACCOS nzima na akatoa ya kwake, anabaki na ya wenzake.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani mpaka mtumishi ahamishwe. Fundi anapunguza kazi kwa kutoandika tawi kwenye mkopo, anategemea tawi la mtu aliyeuingiza. Mambo yanaenda vizuri miezi kadhaa. Kisha afisa wa Korogwe anahamia Lushoto, na asubuhi hiyo mikopo yote aliyowahi kuiandika inahama naye. Meneja wa Korogwe anafungua orodha ya wadaiwa na kukuta imepungua nusu. Kwa hiyo kila mkopo ubebe tawi lake wenyewe, liandikwe na mfumo kutoka kwenye wasifu wa mtumishi wakati wa kuhifadhi, na safu hiyo isikubali kuwa tupu. Ukimwachia mtumishi alichague kwenye fomu, ipo siku atachagua siyo, kwa bahati mbaya au kwa makusudi.

Yote haya yanaporomoka kwa alama moja ya tiki. Meneja wa tawi anapiga simu makao makuu kwamba mfumo unamzuia, foleni ni ndefu, naye fundi, ili apumzike, anamfanya kuwa `superuser`. Mtu mwenye hadhi hiyo hupita kila ukaguzi wa ruhusa, pamoja na ule tulioandika hapo juu. Ukitaka kujua hali ya taasisi yako, omba orodha ya wenye tiki hiyo kabla hujauliza jambo lingine lolote. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, swali la nani anaona deni la nani si la watu wa kompyuta peke yao.

Linabaki suala ambalo kichujio hakiwezi kulimaliza. Mwanachama wa Lushoto yuko Korogwe kwenye msiba, anataka kulipa rejesho lake. Keshia hamwoni. Ukimfungulia keshia matawi yote kwa ajili ya mgeni mmoja, umerudi ulikotoka. Njia ninayoiona inafaa ni ukurasa tofauti wa marejesho ya wageni: keshia anaandika namba kamili ya uanachama, hakuna kutafuta kwa jina, na anaona jina, picha na kiasi cha rejesho linalodaiwa, basi. Kila namba inayoandikwa pale inahifadhiwa pamoja na jina la keshia na saa, na nakala inamfikia meneja wa Lushoto jioni hiyo hiyo.