Kenya, Uganda na Rwanda: pale mnyororo wa mipaka unapokatika

Chukua nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Tuseme nchi moja ina uhusiano na nyingine ikiwa zinapakana. Hapo tayari una vitu viwili vinavyohitajika katika hesabu za mahusiano: seti ndogo yenye wanachama wanne, na kanuni inayoamua nani ana uhusiano na nani. Wanafunzi wanaoanza somo hili huulizwa kama uhusiano fulani unajirejea, kama una ulinganifu, kama ni wa njia moja, na kama una mpito. Wengi hujibu kwa kukisia kutokana na maana ya kanuni yenyewe. Hakuna haja ya kukisia. Seti ikiwa ndogo, uhusiano wote unaenea kwenye kipande cha karatasi, na kila swali lina mahali pake pa kutazama.

Nchi nne hutoa jozi 16, kwa sababu kila nchi inaulizwa kuhusu kila nchi, yenyewe ikiwamo. Tunaziandika kwa herufi za kwanza, na katika kila kisanduku tunaweka 1 pale ambapo nchi ya mstari inapakana na nchi ya safu, na 0 pale ambapo haipakani nayo.

```
    K  U  T  R
K   0  1  1  0
U   1  0  1  1
T   1  1  0  1
R   0  1  1  0
```

Swali la kwanza ni la kujirejea: je, kila mwanachama ana uhusiano na yeye mwenyewe? Jibu liko kwenye ulalo, ule mstari wa visanduku unaoteremka kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia. Uhusiano unajirejea ikiwa ulalo wote ni 1. Hapa wote ni 0, kwani nchi haipakani na yenyewe, kwa hiyo sifa hii haipo. Hata kama sifuri ingekuwa moja tu, jibu lingekuwa hilo hilo. Kumbuka pia kwamba sifa hii hutegemea seti uliyopewa. Jozi (K,K) na (U,U) zinatosha kuufanya uhusiano ujirejee juu ya seti ya Kenya na Uganda peke yake, lakini mara tu Tanzania inapoingia kwenye seti, jozi hizo hizo hazitoshi tena, maana (T,T) haipo.

Ulinganifu nao huuliza: ikiwa x ana uhusiano na y, je, y ana uhusiano na x? Fikiria umelikunja jedwali kwenye ulalo, kila kisanduku kikaangukia mwenzake wa upande wa pili. Wote wakilingana, ulinganifu upo. Hapa wanalingana. Kenya inapakana na Uganda, na Uganda inapakana na Kenya; Kenya haipakani na Rwanda, na Rwanda haipakani na Kenya.

Mpito ndio unaowasumbua watu, na una haki ya kukaguliwa polepole. Kanuni yake inasema: ikiwa x ana uhusiano na y, na y ana uhusiano na z, basi x lazima awe na uhusiano na z. Kenya inapakana na Uganda, Uganda inapakana na Rwanda, lakini Kenya haipakani na Rwanda. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kigali analijua hilo vizuri: akivuka mpaka pale Malaba, bado ana Uganda nzima ya kuipita kabla ya kuiona Rwanda. Mfano mmoja kama huo unatosha kuthibitisha kwamba mpito haupo.

Ila kuupata mfano huo kwa bahati si njia ya ukaguzi. Ipo njia ya jedwali ambayo haiachi kitu. Kila unapokuta 1 kwenye mstari wa x chini ya safu ya y, nenda kwenye mstari wa y. Kila 1 iliyoko humo lazima iwepo pia kwenye mstari wa x, mahali pale pale. Tuanze na Kenya. Chini ya U kuna 1, basi tunaulinganisha mstari wa Uganda, 1 0 1 1, na mstari wa Kenya, 0 1 1 0. Uganda ina 1 chini ya R na Kenya haina, hilo tumeliona. Lakini Uganda ina 1 chini ya K pia, na Kenya haina. Kumbe mpito umevunjika mara mbili katika ulinganisho mmoja.

Huo wa pili ndio unaopotea machoni mwa wengi. Itoe Rwanda, ubaki na Kenya, Uganda na Tanzania. Kila moja inapakana na nyingine mbili, na mtu huona ni wazi kwamba sasa mpito upo. Haupo. Kenya inapakana na Uganda, Uganda inapakana na Kenya, hivyo kanuni inadai Kenya ipakane na Kenya. Hakuna mahali kanuni iliposema kwamba x, y na z lazima wawe watatu tofauti. Z anaweza kuwa x mwenyewe, na ndipo uhusiano wenye ulinganifu unapokwama ukikosa jozi za ulalo. Ukibadili kanuni iwe "inapakana nayo au ndiyo yenyewe", ulalo unajaa 1, na kwa nchi hizo tatu sifa za kujirejea, ulinganifu na mpito zote zinakuwapo. Irudishe Rwanda na mpito unavunjika tena, safari hii kwa sababu ya Kenya na Rwanda tu.

Imebaki sifa ya njia moja. Inasema kwamba wanachama wawili tofauti hawawezi kuelekeana pande zote mbili: ikiwa (x,y) ipo na (y,x) ipo, basi x na y ni kitu kimoja. Kupakana kunashindwa papo hapo. Basi tuibadili kanuni: nchi ina uhusiano na nyingine ikiwa eneo lake si dogo kuliko la hiyo nyingine. Tanzania ina takribani kilomita za mraba 945,000, Kenya 580,000, Uganda 241,000 na Rwanda 26,000.

```
    K  U  T  R
K   1  1  0  1
U   0  1  0  1
T   1  1  1  1
R   0  0  0  1
```

Likunje tena jedwali hili. Nje ya ulalo hakuna 1 inayoangukia 1, kwa hiyo njia moja ipo. Ulalo wenyewe hauhusiki na swali hili, uwe na 1 au 0. Ukisema "eneo lake ni kubwa kuliko", ulalo unakuwa 0 wote na sifa ya kujirejea inaondoka, lakini njia moja inabaki, maana hakuna jozi hata moja inayoivunja.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kudhani kwamba uhusiano usio na ulinganifu lazima uwe wa njia moja. Andika jozi tatu tu: (K,U), (U,K) na (K,T). Ulinganifu haupo, kwa kuwa (T,K) imekosekana. Njia moja haipo pia, kwa kuwa Kenya na Uganda zinaelekeana. Kwa upande mwingine, uhusiano wenye (K,K) na (R,R) peke yake una sifa zote mbili. Ili zikae pamoja, kila kisanduku nje ya ulalo lazima kiwe 0: ulinganifu ungedai 1 yoyote iliyoko huko ipate mwenzake, na njia moja ingemkataa mwenzake huyo. Kwa seti ya wanachama watatu kuna mahusiano 512 yanayowezekana, na yanayobeba sifa hizo mbili kwa pamoja ni 8 tu, kwa kuwa ulalo una visanduku vitatu na kila kimoja kina 0 au 1.