Marhamu au Dawa ya Kumeza?

Hapa Highview, Louisville, mtoto wa dada yangu, miaka mitano, alitoka vidonda viwili chini ya pua, vyenye gamba la manjano kama asali. Ni impetigo, maambukizi ya bakteria. Daktari alihesabu kwanza: vidonda vichache, homa hakuna, basi marhamu ya mupirosini yatosha, mara tatu kwa siku, siku tano, baada ya kulainisha gamba kwa maji ya uvuguvugu. Lau vingeenea mwilini angempa dawa ya kumeza, sefaleksini, siku saba.

Ila mtoto huyu ana pumu ya ngozi, na hapo wazazi wengi huchanganyikiwa. Pumu ikilowa kidogo na mtoto yuko mzima anacheza, antibiotiki mara nyingi haziongezi kitu, iwe ya kupaka au ya kumeza. Endelea na krimu ya steroidi na mafuta yake. Lakini ukiona vidonda vidogo vya mviringo vinavyofanana, vinauma, na homa juu, usingoje: huenda ni virusi vya hepesi. Hospitali siku hiyo hiyo.

Na shule? Marekani wengi hudai saa 24 tangu dozi ya kwanza. Uingereza 48, au hadi vidonda vikauke. Sisi tulimweka nyumbani siku moja, na taulo lake peke yake.