Upepo wa Ishirini na Tano: Ni Kilomita au ni Noti?

Kusi inapokaza, kuanzia mwezi wa Mei hadi Agosti, nyumba yenye mtu baharini haikosi swali hili asubuhi: leo upepo ni kiasi gani? Mara nyingi jibu huja kwa tarakimu tupu: "Ishirini na tano." Aliyejibu ameisoma kwenye simu yake, na anayesikia huichukua kwa kipimo alichokizoea yeye. Ndugu msomaji, tarakimu hiyo haijasema neno mpaka itajwe kipimo chake, kwani pwani yetu inatumia vipimo vitatu vya mwendo kwa wakati mmoja.

Gari hupimwa kwa kilomita kwa saa, na kwenye kioo huandikwa km/h. Wataalamu wa hali ya hewa hupenda mita kwa sekunde, yaani m/s. Chombo cha baharini, na upepo unaokisukuma, hupimwa kwa noti, ambazo simu huziandika kt au kn. Noti moja ni mwendo wa maili moja ya bahari kwa saa, na maili hiyo ina mita 1,852. Kwa kuwa saa imo ndani ya noti tayari, mtu hasemi "noti ishirini kwa saa"; husema "noti ishirini" akanyamaza.

Jina la noti limetokana na fundo la kamba. Mabaharia wa Ulaya wa zamani walifunga ubao kwenye kamba ndefu yenye mafundo, wakautupa nyuma ya jahazi, kisha wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi mpaka mchanga wa chupa ulipokwisha. Chupa ikiwa ya sekunde 28, mafundo yaliachana kwa kadiri ya mita 14.4. Ukigawa mita 14.4 kwa sekunde 28 unapata mita 0.514 kwa sekunde, na hiyo ndiyo noti moja mpaka leo. Kamba ile ilikuwa ni hesabu iliyofungwa mafundo.

Basi tutoke kipimo kimoja twende kingine. Saa ina sekunde 3,600 na kilomita ina mita 1,000. Kwa hiyo ukizidisha mita kwa sekunde mara 3.6 unapata kilomita kwa saa. Mita 10 kwa sekunde ni kilomita 36 kwa saa. Noti ukizizidisha mara 1.852 zinakuwa kilomita kwa saa, na ukizizidisha mara 0.514 zinakuwa mita kwa sekunde.

Asiye na kalamu ana njia ya kichwani. Kutoka mita kwa sekunde kwenda noti, zidisha mara mbili: mita 10 ni kama noti 20, na hesabu kamili ni 19.4. Kutoka kilomita kwenda noti, kata nusu, kisha ongeza sehemu ya kumi ya hiyo nusu. Matatu iendayo kilomita 80 kwa saa, nusu yake ni 40, ongeza 4, ni noti 44. Hesabu kamili ni 43.2. Kosa dogo kama hilo halimdhuru msafiri. Linalomdhuru ni kuchukua kipimo kimoja mahali pa kingine.

Turudi kwenye ishirini na tano yetu. Ikiwa ni kilomita kwa saa, ni noti 13.5 tu, upepo ambao nahodha wa mashua nzuri huutumia bila ya hofu. Ikiwa ni noti, ni kilomita 46 kwa saa, sawa na mita 12.9 kwa sekunde, na hicho ndicho kiwango ambacho Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hukitaja katika tahadhari zake za upepo mkali. Mwendo wa pili haujafika mara mbili ya wa kwanza, lakini nguvu yake yaupita sana. Msukumo wa upepo hufuata mwendo uliozidishwa kwa nafsi yake: mwendo ukiwa mara mbili, msukumo huwa mara nne. Hapa mwendo ni mara 1.85, basi tanga linabeba msukumo wa mara tatu na zaidi. Aliyekunja tanga kwa upepo wa kwanza hajajiandaa kwa wa pili.

Kosa hili hujificha zaidi pale vioo viwili vinapotumiwa pamoja. Tuchukue mfano wa boti ya mashine itokayo Lamu kwenda upande wa Kiwayu, Kusi ikiwa nyuma yake. Kifaa cha GPS cha nahodha kinaonyesha 15, na simu ya abiria inaonyesha upepo wa 28. Abiria anadhani upepo unaishinda boti karibu mara mbili. Kumbe kifaa kinahesabu noti na simu inahesabu kilomita, na noti 15 ni kilomita 27.8. Boti na upepo vinakwenda sawa. Ndiyo maana mle botini ni shwari, hata karatasi haipeperuki, na abiria huona bahari ni njema.

Sasa boti igeuke irudi Lamu kwa mwendo ule ule, na upepo usibadilike hata kidogo. Noti 15 za boti zinajumlika na noti 15 za upepo, na walio mbele wanapigwa na noti 30, karibu kilomita 56 kwa saa. Wakati huo huo boti inayapanda mawimbi ambayo mwanzo ilikuwa ikiyafuata. Ushwari wa kwendea haukuwa ushahidi wa bahari. Hesabu hii ya kujumlisha haikubali vipimo mchanganyiko: aliyejumlisha 15 na 28 akapata 43, amepata tarakimu isiyokuwa ya noti wala ya kilomita.

Je, mtu atajuaje kipimo ikiwa aliyemwambia hakukitaja? Aitazame bahari iliyo wazi, nje ya mlango. Kwa noti 13 utaona mawimbi yenye povu jeupe kichwani, lakini katikati yake pana maji meusi mengi. Kwa noti 25 mawimbi ni makubwa, povu limetanda kila upande na marasharasha yanaruka hewani. Ukiambiwa 25 nawe unaona hali ya kwanza, basi huenda tarakimu ni ya kilomita. Ukiona ya pili, chukua kuwa ni noti. Lakini usiyapime haya ndani ya mkono wa bahari wenye mikoko, kwani huko upepo hukingwa na mawimbi hayakui.

Tena fahamu kwamba tarakimu ya utabiri ni wastani. Dharuba inayokuja ghafla huuzidi wastani huo, na simu nyingi huionyesha kwa mstari wake peke yake. Mstari huo nao ugeuzwe kwa kipimo kile kile kabla ya kulinganishwa.

Basi anayemwuliza nahodha kwa simu aulize maneno mawili: ngapi, na za nini. Na kwenye simu yenyewe, sehemu ya mipangilio humruhusu mwenyewe kuchagua kipimo. Nyumba yenye watu baharini na ichague kt, ili wa nchi kavu na wa chomboni wawe wanasoma tarakimu moja.