Friza Iliyopiga Shoti

Wapishi wa mgahawa mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, walikuwa wamekwishazoea: ukigusa friza kwa mkono wenye maji, inakupiga shoti. Walivaa ndara za mpira, kazi ikaendelea. Fundi wa kwanza aligusisha testa kwenye bati lake, taa haikuwaka, akasema ni salama.

Fundi wa pili alikuja na mwanagenzi wake. Kijana huyo alianza kwa kuuliza.

"Dada, inapiga muda wote?"

"Hapana, mdogo wangu. Ikianza kuunguruma tu."

Jibu hilo lilimwambia kwamba hitilafu huonekana pale umeme unapopita kwenye mashine. Akavuta waya mrefu kutoka kwenye nondo ya ethi iliyochimbiwa nje, kisha akapima kati ya waya huo na bati la friza. Friza ikiwa kimya, mita ilisoma sufuri. Mota ilipowaka, ikasoma volti 35. Kwenye soketi, kati ya waya wa moto na nyutro, volti 230 zilishuka hadi 195. Ukijumlisha 195 na 35 unapata 230 ileile: volti zilizopungua kwenye soketi ndizo zilizokuwa kwenye bati. Volti 35 hazitoshi kuwasha taa ya testa ya kawaida, lakini mwenye mikono iliyolowa, aliyesimama kwenye sakafu yenye maji, anazisikia vizuri.

Wakazima meinswichi, wakapima tena kuhakikisha hakuna umeme, ndipo wakaifungua soketi nyuma ya friza. Skrubu ya nyutro ilikuwa imelegea na plastiki ya waya imebabuka kwa joto. Kando yake palikuwa na kipande kifupi cha waya kilichounganisha nyutro na ethi. Jengo lilikuwa la zamani, waya wa ethi haukufika jikoni, na fundi fulani alikuwa amejirahisishia kazi.

Nyutro ndiyo njia ya umeme kurudi baada ya kupita kwenye mashine. Kiungo kikilegea, unarudi kwa shida na volti hujilimbikiza upande wa mashine. Kile kipande cha waya kilizipeleka moja kwa moja kwenye bati. Skrubu ingechomoka kabisa, bati lingefikia karibu volti 230, na breka ya kawaida isingeruka, kwa sababu yenyewe hukata umeme unapozidi kiwango chake.

Walikata shaba iliyoungua, wakafunga soketi mpya, wakaondoa kile kipande na kuvuta waya halisi wa ethi kutoka kwenye nondo. Waliongeza pia breka ya kuvuja, inayokata umeme unapovuja miliampia 30. Mota ilipowaka tena, mita ilisoma sufuri kwenye bati.

Kifaa cha jikoni kikikupiga shoti, hata kidogo, zima umeme kwenye meinswichi, usikiguse tena, na umwite fundi mwenye mita.