Pembe Tupu Kwenye Mchoro wa Faneli

Mwaka 1991 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio 7 ya kuwapa wagonjwa wa mshtuko wa moyo magnesiamu kwa njia ya mshipa. Wagonjwa wote walikuwa 1,301. Uwiano wa uwezekano wa kufa kati ya waliopewa na wasiopewa ulikuwa 0.44, yaani chini ya nusu. Dawa rahisi namna hiyo, inayopatikana kila mahali, ilionekana kuokoa maisha mengi. Mwaka 1995 yakatoka majibu ya ISIS-4, jaribio la wagonjwa zaidi ya 58,000: waliofariki kati ya waliopewa magnesiamu walikuwa asilimia 7.64, na kati ya wasiopewa 7.24. Faida haikuwepo.

Dalili ya kasoro hiyo huonekana kwenye mchoro ambao uchambuzi wa aina hii, uitwao meta-analisisi, huambatanishwa nao mara nyingi: mchoro wa faneli. Kila jaribio ni nukta moja. Mstari wa chini, wa mlalo, unaonyesha matokeo: nukta iliyo kushoto mwa 1 inasema dawa imepunguza vifo, na iliyo kulia inasema imeviongeza. Mstari wa wima unaonyesha kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyoweza kuyumba kwa bahati tu. Sifuri huwekwa juu, kwa hiyo majaribio makubwa hukaa kileleni na madogo chini.

Bahati ndiyo inayoupa mchoro umbo lake. Tuseme dawa haina athari yoyote, na uwiano wa kweli ni 1. Jaribio kubwa lenye kosa sanifu la 0.05 litaangukia kati ya 0.91 na 1.10 katika mara 95 kwa kila 100. Dogo lenye kosa sanifu la 0.5 linaweza kutua popote kati ya 0.38 na 2.7. Nukta hubanana juu na kutawanyika chini, mfano wa faneli iliyofunikwa mdomo chini. La kuzingatia ni kwamba bahati haina upande. Majaribio madogo yanayoisifu dawa kupita kiasi yanapaswa kuwa na wenzao, karibu idadi ileile, wanaoilaumu kupita kiasi.

Kwa hiyo msomaji aanze juu, atazame nukta kubwa zimesimama wapi, kisha ashuke polepole akiangalia kama nukta zinapanuka pande zote mbili. Katika magnesiamu hazipanuki hivyo. ISIS-4 iko kileleni, karibu na 1. Chini yake kuna LIMIT-2 ya mwaka 1992, yenye wagonjwa 2,316, karibu na 0.74. Majaribio madogo yamelundikana kushoto zaidi, na pembe ya chini kulia iko karibu tupu. Jinsi jaribio linavyokuwa dogo ndivyo dawa inavyoonekana kuwa nzuri, jambo ambalo mwili wa mgonjwa hauna sababu ya kulifuata.

Maelezo ya kwanza ni upendeleo wa uchapishaji. Jaribio la wagonjwa 50 lisilo na matokeo ya kuvutia huishia kabatini: mtafiti huchoka nalo, au mhariri hulikataa. Lililopata matokeo mazuri kwa bahati hukimbilia jaridani. Lakini pembe tupu peke yake haimtii mtu hatiani. Majaribio madogo huenda yaliendeshwa kwa uzembe, au yalihusu wagonjwa tofauti. Watetezi wa magnesiamu walisema ISIS-4 iliitoa kwa kuchelewa. Hoja hiyo ilipimwa na jaribio la MAGIC, lililotangazwa mwaka 2002, lenye wagonjwa 6,213, ambamo dawa ilitolewa mapema: vifo vilikuwa asilimia 15.3 kwa waliopewa na 15.2 kwa wasiopewa.

Njia moja ya kutenganisha sababu ni kutia rangi sehemu za mchoro ambako matokeo hayafikii kiwango cha kawaida cha 0.05. Nukta zinazokosekana zikiwa ndani ya sehemu hiyo, kufichwa kwa tafiti kunashukiwa zaidi. Zikikosekana nje yake, mahali ambapo matokeo yangekuwa na uzito wa kitakwimu, sababu itafutwe kwingine.

Jicho nalo hudanganya, hasa nukta zikiwa chache. Mwaka 1997 Matthias Egger na wenzake walitoa kipimo cha hesabu cha kupima kama nukta zimeegemea upande mmoja, nacho hutumika hadi leo. Hata hivyo, kanuni inayofuatwa na wengi ni kutokipima kabisa pale tafiti zikiwa chini ya 10. Uchambuzi wa 1991 ulikuwa na 7 tu. Basi anayekutana na meta-analisisi ya majaribio machache, yote madogo, asichukulie mchoro uliokaa sawa kuwa ushahidi kwamba hakuna kilichofichwa.