Picha Imekamilika? Igeuze Kwanza

Mtu akikaa saa mbili anasafisha uso mmoja kwenye kompyuta, macho huzoea. Shavu alilolisukuma kidogo linaanza kuonekana la kawaida, na weupe uliozidi hauoni tena. Ndiyo maana wasafishaji picha makini hawaliamini jicho lao mwishoni mwa kazi. Huifanya picha iwe ngeni kwao: huigeuza, huipunguza, kisha huilinganisha na ile ya asili. Hila mbili za kwanza ni kongwe kuliko kamera. Leonardo da Vinci, aliyefariki mwaka 1519, aliwashauri wachoraji waitazame kazi yao ndani ya kioo, na pia warudi nyuma ili ionekane ndogo na kasoro za uwiano zijitokeze.

Tuchukue picha ya mama wa miaka 60 aliyejitanda kanga, ameketi karibu na dirisha, mwanga ukitoka kushoto. Wanawe wanataka ikuzwe, itundikwe sebuleni. Fundi ameondoa vipele, amepunguza mikunjo chini ya macho, ameung'arisha uso, amekibana kidevu kidogo na amefuta waya wa umeme uliokatiza ukutani.

Kwenye Photoshop, kugeuza ni Image > Image Rotation > Flip Canvas Horizontal. Kwenye GIMP ni Image > Transform > Flip Horizontally. Kushoto kunakuwa kulia, basi. Fundi wetu akigeuza, papo hapo anaona kidevu kimekwenda upande. Lakini asikimbilie kurekebisha. Uso wa binadamu hauna pande zinazolingana sawasawa, na mtu unayemfahamu akigeuzwa huonekana si yeye hata kama picha haijaguswa. Dawa ni kuitazama picha ya asili nayo ikiwa imegeuzwa. Kwa kuwa amri hiyo hugeuza matabaka yote kwa pamoja, anabonyeza Alt na kugusa alama ya jicho iliyo kando ya tabaka la Background. Mengine yote yanafichika. Kidevu kikiwa upande huko pia, ni cha mama mwenyewe, kiachwe. Kikiwa sawa, kosa ni la mkono wa fundi. Kisha arudishe picha ilivyokuwa, maana akisahau, jina la kanga litachapwa kinyume na watoto ndio watakaomwambia.

Sasa aipunguze kwa Ctrl na alama ya kutoa, mpaka ibaki na ukubwa wa picha ya pasipoti. Katika ukubwa huo vinyweleo na mikunjo hupotea; yanabaki mabaka makubwa ya mwanga na kivuli tu. Hapo uso wa mama unaonekana mweupe kuliko shingo na mikono, kana kwamba umetoka kwenye picha nyingine. Kwenye ngozi nyeusi kosa hili hutokea mno, na kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote: fundi anayeng'arisha chini ya macho hujikuta amefuta pia kivuli cha pua na cha shavu lililo mbali na dirisha, uso ukawa bapa. Mwanga umetoka kushoto, kwa hiyo upande wa kulia lazima uwe na giza zaidi.

Ukutani nako kuna jambo. Waya umefutwa kwa Clone Stamp, na doa lilelile la rangi limejirudia mara tatu kwa mstari. Marudio ya namna hii yamewahi kuumbua hata kazi za habari: Agosti 2006, Reuters iliondoa picha ya moshi juu ya Beirut baada ya watazamaji kugundua mafungu ya moshi yanayofanana. Hata hivyo udogo huficha pia. Kingo za nywele zilizofifishwa na brashi hukaguliwa kwa ukubwa wa asilimia 100, hasa picha inapokwenda kuchapwa.

Mwisho ni kulinganisha. Fundi awashe na kuzima matabaka yake haraka haraka kwa ile Alt, asijiulize ipi inapendeza zaidi, maana iliyosafishwa karibu kila mara itashinda. Ajiulize kilichopotea. Hapa kimepotea kidoa cheusi juu ya mdomo, ambacho wanawe wamekijua tangu utotoni, na mistari ya kicheko imeisha kabisa. Kipele cha wiki hii kiondoke. Alama anayoishi nayo ibaki. Kidoa kirudishwe. Kwa mistari, tabaka lililoifuta lipunguzwe Opacity hadi ianze kuonekana tena. Mara nyingi asilimia 60 inatosha.

Ukaguzi huu wa mwisho hauwezekani kama ulihifadhi kazi yako juu ya faili la asili. Kabla ya kugusa brashi, toa nakala, na faili lililotoka kwenye kamera usiliguse.