Ukinunua Duka kwa Gudwili, Pesa Hizo Haziondolewi Kwenye Faida ya Kodi

Wafanyabiashara wengi mjini Kitale na Bungoma hununua duka ambalo tayari lina wateja. Mbali na bei ya bidhaa na vifaa, mnunuzi hulipa kiasi cha ziada kinachoitwa gudwili. Hiyo ni bei ya jina zuri la duka, mahali lilipo na mazoea ya wateja. Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa pesa hizo zimetumika katika biashara, zitapunguza kodi ya mapato. Sivyo ilivyo.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, inaruhusu kuondoa kwenye faida matumizi yaliyofanywa kwa ajili ya kuzalisha mapato pekee. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 16, inakataza kuondoa gharama za mtaji, yaani pesa za kununua kitu kitakachoifaa biashara kwa miaka mingi. Baadhi ya mali za mtaji zimepewa nafuu katika Jedwali la Pili, ambapo sehemu ya bei huondolewa kila mwaka. Gudwili haimo katika jedwali hilo.

Tuchukue mfano. Kampuni ya Bungoma inanunua duka la agroveti mjini Kitale kwa shilingi milioni 6. Mkataba unaonyesha bidhaa za shilingi 2,500,000, rafu na kaunta 400,000, pikapu 800,000, kompyuta na programu zake 300,000, na gudwili 2,000,000.

Bei ya bidhaa huondolewa kadiri zinavyouzwa. Rafu na kaunta huondolewa asilimia 10 kwa mwaka, yaani shilingi 40,000. Pikapu ni asilimia 25, yaani 200,000. Kompyuta na programu pia ni asilimia 25, yaani 75,000. Programu haishikiki kwa mkono, lakini imetajwa katika jedwali, na ndiyo sababu inapata nafuu. Gudwili haipati hata shilingi moja.

Makosa hutokea zaidi wakati wa kuandaa hesabu. Kanuni za uhasibu kwa kampuni ndogo na za kati zinataka gudwili ipunguzwe vitabuni mwaka hadi mwaka, kwa kawaida kwa muda usiozidi miaka 10. Kampuni yetu basi inaandika gharama ya shilingi 200,000 kila mwaka. Ikiwa faida vitabuni baada ya gharama hiyo ni shilingi 1,000,000, na tuseme hakuna marekebisho mengine, ni lazima zile 200,000 zirudishwe kabla ya kukokotoa kodi. Faida ya kutozwa kodi inakuwa 1,200,000, na kodi ya kampuni ya asilimia 30 ni 360,000, si 300,000.

Tofauti ya shilingi 60,000 isipolipwa kwa wakati, inaongezwa adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Ili kujua kama hesabu yako ni sawa, tazama ukurasa wa kukokotoa kodi: gudwili iliyopunguzwa vitabuni iwe imeongezwa tena juu ya faida.

Gudwili unayoijenga mwenyewe ni jambo jingine. Matangazo ya redio, mabango na mishahara ya wahudumu huondolewa katika mwaka wa matumizi. Vivyo hivyo leseni ya biashara unayolipa kaunti kila mwaka, na kodi ya chumba ya kila mwezi. Lakini gudwili unayotozwa mara moja na mwenye jengo ili upate chumba ni gharama ya mtaji kwako, hata kama mmeiandika pamoja na kodi ya pango.

Wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, wanaolipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, hawaondoi gharama yoyote. Kwao, kodi hukatwa kwenye mauzo yenyewe.

Kabla ya kutia sahihi, hakikisha mkataba unataja bei ya kila kitu peke yake. Mkataba unaosema tu "duka na vyote vilivyomo, milioni 6" utakuacha bila ushahidi wa bei ya pikapu au kompyuta, na unaweza kupoteza hata nafuu uliyostahili. Usipandishe bei ya vifaa ili kuficha gudwili, kwa maana bei hizo zinaweza kulinganishwa na za soko. Hifadhi mkataba na risiti kwa muda usiopungua miaka 5.

Kodi ya mapato hukusanywa na KRA, si serikali ya kaunti. Kwa maelezo zaidi, wasiliana na ofisi ya KRA iliyo karibu nawe au mhasibu wako kabla ya kuwasilisha ritani kwenye iTax.